Maziwa mabichi na yaliyopashwa moto: moto unaua nini, unabakiza nini

Machi 2024 virusi vya mafua ya ndege, H5N1, vilithibitishwa kwa ng'ombe wa maziwa katika majimbo ya Texas na Kansas, Marekani. Tangu hapo mabishano ya huko kuhusu maziwa mabichi yamefika hadi kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Video moja inadai moto unayamaliza maziwa yakabaki maji meupe, na nyingine inadai funda moja la maziwa mabichi linatosha kukulaza wodini. Huku kwetu mabishano hayo yanakuta hali tofauti kabisa. Sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa Kenya na Tanzania hayapiti kiwandani. Yanafika kwa dumu nyuma ya bodaboda au yanapimwa kwa kikombe kwenye kioski, na anayeyatia moto ni mnunuzi mwenyewe, jikoni kwake. Kwa hiyo inatupasa kuelewa vizuri kinachotokea ndani ya sufuria, na kinachokuwa kimeshatokea kabla maziwa hayajafika kwenye sufuria.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi wanapochanganya. Maziwa mabichi ni yale yaliyotoka kwenye kiwele yakachujwa tu, hata kama yamewekwa kwenye friji. Ubaridi hauyabadilishi kuwa kitu kingine. Kupasteurisha ni kuyapasha maziwa hadi joto fulani chini ya kuchemka, kuyashikilia hapo kwa muda uliopimwa, kisha kuyapoza haraka. Jina linatokana na Louis Pasteur, Mfaransa aliyetumia njia hiyo kwa mvinyo katika miaka ya 1860. Kwenye maziwa ilikuja kupendekezwa baadaye. Kuchemsha ni kile tunachofanya nyumbani, ambapo joto linazidi lile la kupasteurisha. Maziwa ya UHT, yale ya boksi yanayokaa miezi kadhaa nje ya friji, yamepitishwa kwenye joto la nyuzi 135 za Selsiasi au zaidi kwa sekunde chache, kisha yakafungwa kwenye boksi lisiloingiza vijidudu. Hayo ya UHT hayahitaji kuwekewa dawa ili yasioze. Yanadumu kwa sababu hakuna kilichobaki hai ndani cha kuyaozesha, na ndiyo maana ukishalifungua boksi yanaharibika kama maziwa mengine yoyote.

Vijidudu vinaingilia wapi

Kuna njia mbili, na ni vizuri kuzitenganisha kwa sababu kila moja ina kinga yake.

Ya kwanza ni ndani ya ng'ombe mwenyewe. Hapa mkubwa wao ni brusela, bakteria wa ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe aliyeambukizwa kwa kawaida hutupa mimba mara moja, mara nyingi katika miezi ya mwisho, halafu mimba zinazofuata huzaa vizuri. Mfugaji anasahau. Ng'ombe ananawiri, anakula, anatoa maziwa meupe yenye harufu nzuri, na bado anaweza kuendelea kumwaga brusela kwenye maziwa kwa miaka, wakati mwingine kwa vipindi: wiki hii wapo, wiki ijayo hawaonekani. Ndiyo sababu kauli ya "ng'ombe wangu namjua, ni mzima" haitoshi, na hata kipimo cha maziwa kilichotoka safi siku moja hakisemi lolote kuhusu mwezi ujao. Mbuzi, kondoo na ngamia nao hubeba brusela, na wenyeji wa Garissa hadi Dhofar kule Oman, ambako maziwa ya ngamia hunywewa mabichi, wanaujua ugonjwa huu vizuri. Katika kundi hilohilo kuna bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, ambaye akiingia kwa njia ya maziwa mara nyingi hushika matezi ya shingo au tumbo kabla ya mapafu, na koksiela, bakteria wa homa iitwayo Kyu, ambaye tutamrudia kwa sababu ndiye aliyeamua namba za joto za viwandani.

Njia ya pili ni nje: samadi iliyoganda kwenye chuchu, mkono wa mkamuaji, maji ya kuoshea ndoo, dumu lenye shingo nyembamba lisilopitisha brashi. Huku ndiko wanakotoka E. koli O157, kampilobakta, salmonela na listeria. E. koli O157 anatisha kwa sababu mbili. Hamuumizi ng'ombe hata kidogo, kwa hiyo mnyama hana dalili yoyote, na idadi ndogo sana, chini ya bakteria 100, inaweza kumuumiza mtoto. Sumu yake huanza kwa kuhara damu, na kwa baadhi ya watoto wadogo huishia kuharibu figo. Listeria naye ana tabia yake: anaendelea kuzaliana hata kwenye friji, polepole, na kwa mama mjamzito anaweza kusababisha mimba kutoka. Mtu anayenunua maziwa mabichi yaliyopoa vizuri na kuamini ubaridi umeyasafisha, huyu ndiye bakteria anayemsahau.

Na hao virusi vya H5N1? Vilikutwa kwa wingi kwenye maziwa ya ng'ombe waliougua, na paka wa mashambani walioyanywa mabichi walikufa. Maziwa ya dukani yaliyopasteurishwa yalipopimwa, vilionekana vipande vya vinasaba vya virusi hivyo, ila hakuna kirusi hai kilichopatikana. Vipande hivyo ni mabaki tu na havimwambukizi mtu.

Saa za kabla ya moto

Sasa tufuate maziwa ya asubuhi moja, kwa hesabu ya kawaida ya mahali penye joto la nyuzi 30. Ng'ombe anakamuliwa saa 12 asubuhi. Mkamuaji amenawa, ameosha na kukausha kiwele, na michirizi ya kwanza ya kila chuchu ameikamua pembeni. Tuseme maziwa yanaanza na bakteria 10,000 kwa kila mililita, kiwango kinachofikiwa na mfugaji makini.

Kwa saa mbili hivi za kwanza idadi hiyo haisogei sana. Maziwa yana ulinzi wake wa asili, hasa kimeng'enya kiitwacho laktoperoksidesi, kinachowazuia bakteria wasizaliane. Watetezi wa maziwa mabichi wakisema maziwa yana kinga, wanakusudia hiki, na kweli kipo. Lakini kinawachelewesha bakteria kwa muda tu. Hakiwamalizi brusela wala E. koli waliokwisha kuingia. Tena, sehemu kubwa ya kimeng'enya hicho hustahimili joto la kawaida la kupasteurisha, kwa hiyo dai kwamba kiwanda kinakiangamiza si sahihi.

Baada ya hapo bakteria wanaanza kujigawa, na katika joto hilo wanaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi ni nusu saa sita. Elfu kumi ikirudufiwa mara sita inakuwa 640,000. Dumu likikaa juani hadi saa 8 mchana, ni mara kumi na mbili: karibu milioni 41 kwa kila mililita. Hapo asidi imeshapanda, na maziwa ukiyabandika jikoni yanakatika. Mteja analalamika kuwa yametiwa maji, wakati kosa ni la saa na joto. Maziwa hayohayo yangezamishwa kwenye maji ya barafu, au angalau ndoo yake ikakaa ndani ya maji baridi ya kisima kivulini mara baada ya kukamuliwa, yangefika saa 5 yakiwa karibu kama yalivyotoka.

Hesabu hii ni muhimu kwa sababu ya kitu kimoja ambacho moto haukiwezi. Stafilokokasi, bakteria wa vidonda vya mikono, vya puani na vya kiwele chenye ugonjwa, akishaongezeka kupita kama laki moja kwa mililita huanza kutoa sumu. Ukichemsha, bakteria anakufa, sumu inabaki. Inastahimili kuchemka. Mtu anakunywa maziwa yaliyochemshwa vizuri kabisa, na ndani ya saa 1 hadi 6 anatapika mfululizo. Familia inasema "tulichemsha!" Na kweli walichemsha, ila walichelewa. Moto pia hauondoi mabaki mengi ya antibiotiki alizodungwa ng'ombe, wala sumukuvu inayopita kutoka kwenye mahindi au pumba zilizoota ukungu hadi kwenye maziwa. Hayo yanazuiwa zizini na stoo ya malisho, kwa kufuata siku za kutokamua kwa ajili ya kuuza zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa na kwa kutolisha mifugo nafaka iliyooza. Jikoni umeshachelewa.

Kwa nini nyuzi 63 na kwa nini 72

Kuna vipimo viwili vinavyotumika sana: nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Vinafanya kazi ileile. Joto likipanda kidogo tu, kasi ya kufa kwa bakteria inapanda kwa kuruka, kwa hiyo muda unaweza kufupishwa sana. Cha kwanza kinafaa kwa mtengenezaji mdogo mwenye pipa moja. Cha pili ni cha kiwanda ambako maziwa yanapita mfululizo kati ya bamba za chuma.

Kwa miaka mingi kipimo kiliwekwa kwa kumlenga bakteria wa kifua kikuu. Baadaye ikaonekana kwamba koksiela ni mgumu zaidi, na katika miaka ya 1950 Marekani ikapandisha joto la pipa kidogo ili kumfikia na yeye. Lengo ni kumpunguza huyo mgumu kuliko wote angalau mara 100,000. Brusela, E. koli O157, kampilobakta, salmonela na listeria ni dhaifu kuliko koksiela, kwa hiyo wanaanguka kabla yake.

Ila tuitazame vizuri ile "mara 100,000". Maana yake ni kupunguza idadi iliyoingia. Maziwa machafu sana yakiingia, hata baada ya kupunguzwa kuna kinachobaki, hasa wale bakteria wasio wa magonjwa lakini wanaostahimili joto, pamoja na mbegu za bakteria ambazo hata kuchemka hakuziui. Hii ndiyo sababu maziwa yaliyopasteurishwa yanahitaji friji na yana tarehe fupi. Pakiti ikivimba au maziwa yakachachuka kabla ya tarehe, mara nyingi ubaridi ulikatika njiani au dukani, pengine kwa sababu friji ilizimwa usiku ili kuokoa umeme.

Unawezaje kujua kama maziwa yaliyotoka kwenye ATM ya maziwa yalipasteurishwa kweli? Kwa ulimi huwezi. Maabara ina njia nzuri: ndani ya maziwa mabichi kuna kimeng'enya kiitwacho fosfatesi ya alkali, ambacho huvunjika kwenye joto la juu kidogo tu ya lile linaloua vijidudu vya magonjwa. Inaongezwa kemikali kwenye sampuli, na kama fosfatesi ipo, rangi ya njano inatokea. Njano ina maana moto haukutosha, au mtu amechanganya maziwa mabichi baada ya moto. Kwa mnunuzi wa kawaida asiye na maabara, ushauri wangu ni mmoja: maziwa yasiyokuja kwenye pakiti iliyofungwa kiwandani, yachemshe, hata kama muuzaji anaapa.

Sufuria ya nyumbani

Kama una kipimajoto na ungependa kupasteurisha bila kuchemsha, weka sufuria ya maziwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, ili moto usiyaguse moja kwa moja. Koroga taratibu hadi maziwa yote yafike nyuzi 63, na dakika 30 anza kuzihesabu hapo, siyo tangu ulipowasha jiko. Joto likishuka chini ya 63 katikati, hesabu inaanza upya. Ondoa povu juu, kwa sababu povu huwa na joto la chini kuliko maziwa yenyewe na bakteria waliomo wanaweza kupona. Viwandani hewa iliyo juu ya maziwa kwenye pipa nayo hupashwa kwa sababu hiyohiyo.

Bila kipimajoto, chemsha. Kosa la kawaida ni kuondoa sufuria mara tu povu linapopanda. Kwenye moto mkali, na maziwa yasiyokorogwa, povu linaweza kukimbilia mdomo wa sufuria wakati sehemu nyingine bado haijapata joto sawasawa. Likipanda, punguza moto, koroga hadi chini, acha yachemke wazi kwa dakika 1, kisha zima. Kosa la upande wa pili ni kuyaacha yakitokota nusu saa "ili yafe vizuri". Hakuna unachoongeza upande wa usalama, na hapo ndipo virutubisho vinapoanza kupotea kweli. Wakaazi wa Nairobi wanaweza kuuliza: si huku juu maji yanachemka mapema? Ndiyo, karibu nyuzi 94, na hizo bado ziko mbali juu ya 72.

Hatua inayosahaulika kuliko zote ni kupoza. Sufuria ya lita 5 ikiachwa mezani ipoe yenyewe, itakaa kwa saa kadhaa katika uvuguvugu ambao zile mbegu za bakteria zilizopona zinaupenda. Itumbukize kwenye beseni la maji baridi, badilisha maji mara mbili au tatu huku ukikoroga kwa mwiko safi, kisha funika na uweke kwenye friji. Usiyarudishe kwenye dumu lilelile yalimofikia, wala kuyachota kwa upawa uliogusa maziwa mabichi. Tone lililobaki kwenye shingo ya dumu linatosha kuyarudishia kila ulichokiua.

Je, virutubisho vinabaki?

Hapa ndipo penye madai makubwa zaidi, kwa hiyo tupime kwa glasi moja ya mililita 250.

Glasi hiyo ya maziwa mabichi ina takribani gramu 8 za protini, miligramu 300 za kalsiamu, na mafuta kulingana na ng'ombe. Kalsiamu ni madini, na joto la jikoni haliharibu madini. Mafuta yanabaki, na vitamini A iliyomo humo inabaki karibu yote. Sukari ya maziwa, laktosi, inabaki. Gramu 8 za protini zinabaki gramu 8. Kinachobadilika ni umbo la baadhi yake: sehemu kubwa ya protini za maziwa, kasini, haishtuki kwa kuchemka, lakini zile za maji ya maziwa zinakunjuka joto likipita nyuzi 70 hivi. Ni kama ute wa yai unaogeuka mweupe kwenye maji ya moto: umebadilika umbo, na tumbo linausaga na kuutumia uleule. Harufu ya maziwa yaliyochemshwa inatoka kwenye mabadiliko hayo. Utando unaoganda juu ni protini hizo pamoja na mafuta na kalsiamu kidogo, kwa hiyo anayeutupa kila siku anatupa chakula. Ukikoroga wakati wa kupoza, unabaki ndani.

Hasara ya kweli iko kwenye vitamini chache. Kupasteurisha kunapunguza B1 na B12 kwa kiasi kisichozidi sana moja ya kumi. Kuchemsha kwa muda mfupi kunapunguza zaidi kidogo. Chukua B12, ambayo ni muhimu kwa wanaokula nyama kidogo: glasi ina takribani mikrogramu 1, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Baada ya kupasteurishwa inabaki kama 0.9. Glasi bado ni chanzo kizuri. Vitamini C inapotea zaidi, pengine robo, lakini glasi nzima ya maziwa mabichi ilikuwa na miligramu 3 au 4 tu tangu mwanzo. Pera moja lina mara nyingi zaidi ya hizo, na hakuna anayekunywa maziwa ili apate vitamini C.

Ipo vitamini moja, B2, ambayo moto hauigusi sana lakini mwanga unaiangamiza. Maziwa kwenye chupa angavu yakipigwa na jua kwa saa chache yanaweza kupoteza nusu ya B2 au zaidi. Mtu anayekataa maziwa ya pakiti kwa ajili ya vitamini, kisha akanunua mabichi yaliyoanikwa juani kando ya barabara kwenye chupa ya plastiki, amepoteza zaidi ya alichokuwa anakilinda.

Dai lingine linalosambaa ni kwamba wanaovimbiwa na maziwa wakinywa mabichi hawapati shida, kwa kuwa yana kimeng'enya cha kusaga laktosi. Hayana. Kimeng'enya hicho, laktesi, kinatengenezwa kwenye utumbo wa mtu. Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha mwaka 2014 jaribio dogo la watu 16 wasiomudu laktosi, na maziwa mabichi hayakuwasaidia kuliko yaliyopasteurishwa. Mtindi ndio unaosaidia, kwa sababu bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Na yale maneno kwamba maziwa ya pakiti yamenyonywa mafuta kwa sababu hayatoi krimu juu, hayo yanatokana na hatua nyingine ya kiwandani: matone ya mafuta yanapasuliwa kuwa madogo sana hadi yasiweze kuelea. Kiasi cha mafuta kimeandikwa kwenye pakiti, kisome.

Kwa haki niseme pia jambo ambalo watetezi wa maziwa mabichi hawakulitunga. Tafiti za watoto wa mashambani Ulaya zimeonyesha kuwa waliokunywa maziwa ya shambani yasiyochemshwa walikuwa na pumu na mzio kidogo kuliko wenzao. Huenda zile protini zinazokunjuka kwa joto zinahusika. Lakini watoto hao pia walikua kati ya wanyama na vumbi la zizi, na watafiti wenyewe hawakupendekeza mtu yeyote ampe mtoto wake maziwa mabichi, kwa sababu ya vijidudu vile tulivyovitaja.

Mtindi wa maziwa mabichi

Wengi wanaochemsha maziwa ya chai bila kukosa, hawachemshi yale ya mtindi au mala. Wanaamini uchachu unaua. Uchachu unawapunguza bakteria wengi, ni kweli, lakini brusela anaweza kuishi siku kadhaa na zaidi ndani ya maziwa yaliyoganda, na E. koli O157 anavumilia asidi kuliko ndugu zake. Kibuyu kilichofukizwa kwa mkaa kinatoa ladha nzuri na kinapunguza wadudu wa kuozesha. Hakichukui nafasi ya moto.

Njia salama haiharibu ladha. Chemsha maziwa kama tulivyoeleza, yapoze hadi yawe na uvuguvugu mdogo, karibu nyuzi 25 hadi 30 kwa mala ya kienyeji, kisha tia vijiko viwili vya mala nzuri ya jana kwa kila lita, koroga, funika, acha saa 18 hadi 24. Kwa kuwa umeshawaondoa bakteria wa ovyo, bakteria wa mala wanafanya kazi bila mshindani. Mara nyingi inaganda laini zaidi na haitoi maji mengi juu. Ikitoa mapovu au harufu ya kinyesi au chachu ya pombe, kuna kitu kimeingia baada ya moto, na hiyo imwage. Samli haina shida hii kwa kuwa imekaangwa. Siagi mbichi na krimu iliyoenguliwa kabla ya kuchemsha zinayo, maana bakteria wengi hupanda juu pamoja na mafuta.

Kwa aliyekwisha kunywa maziwa mabichi, brusela hajitokezi kesho yake. Dalili huanza baada ya wiki 1 hadi 4, wakati mwingine miezi: homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu usioisha. Mara nyingi hutibiwa kama malaria au taifodi, mgonjwa anapata nafuu kidogo, kisha homa inarudi. Matibabu yake ni mchanganyiko wa antibiotiki mbili kwa wiki 6 hivi, kwa hiyo dozi fupi ya kubahatisha haiuondoi. Ukienda kituo cha afya na homa isiyoisha, usisubiri kuulizwa: mwambie daktari kwamba katika miezi iliyopita ulikunywa maziwa au mtindi ambao haukuchemshwa, au ulisaidia ng'ombe, mbuzi au ngamia kuzaa, naye atajua kuomba kipimo cha brusela.